Shajara ya mradi: kupima wasifu wa meneja wa shamba la mahindi na soya, Kiryandongo

Wiki ya 1: tangazo linapimwa kabla ya wasifu

Shamba liko upande wa Bweyale, wilayani Kiryandongo, Uganda. Ekari zinazolimwa ni 480, sawa na hekta 194 hivi. Msimu wa kwanza ni mahindi, wa pili ni soya. Kuna matrekta mawili, na palizi inafanywa kwa jembe la mkono na watu wa lejaleja. Tangazo la kazi linataka mambo manne: meneja awe amesimamia ekari 200 au zaidi, awe amemaliza misimu 6, awe ameongoza vibarua 60 au zaidi, na awe na kumbukumbu za mavuno za misimu 4 kwa kila kitalu.

Kabla ya kufungua bahasha yoyote tuliliweka tangazo lenyewe kwenye hesabu. Palizi ya kwanza ya mahindi kwa jembe tunaihesabu siku-mtu 10 kwa ekari, zaidi kidogo penye sangari. Inatakiwa iishe ndani ya wiki tatu tangu mahindi yawe na majani manne hivi, yaani siku 18 za kazi. Ekari 480 mara 10 ni siku-mtu 4,800. Ukigawa kwa 18 unapata watu 267 kila siku. Tangazo linasema vibarua "hadi 120". Watu 120 kwa siku 18 wanapalilia ekari 216 tu.

Ekari 264 zilizobaki zinapaliliwa na nani? Tulimuuliza mwenye shamba, naye akaeleza kwamba vitalu vya mbali, ekari 270 hivi, hupigwa kiuagugu kwa bomba la trekta mara baada ya kupanda. Jambo hilo halikuwamo kwenye tangazo, ingawa ndilo linaloamua kama meneja atafaulu. Bomba la trekta lisipopimwa sawasawa linaacha mistari ya majani upande mmoja na kuunguza mahindi upande mwingine, na kasoro hiyo inaonekana wiki mbili baadaye, wakati vibarua wameshapangwa kwingine. Tumeongeza sharti hili kama swali la usaili. Hatukuliwekea alama kwenye wasifu, kwa sababu waombaji hawakuambiwa waliandike.

Wiki ya 1, mwishoni: kanuni ya alama

Tumegawa alama 100 hivi: eneo 25, misimu 25, usimamizi wa watu 20, mavuno 30. Mavuno yamepewa zaidi kwa kuwa ndiyo yanayozibana namba nyingine zote. Kila dai linapita kwenye kanuni moja:

```
alama = uzito × min(1, dai ÷ sharti) × ushahidi
ushahidi: 0.4 limesemwa tu
          0.7 namba zinaelewana
          1.0 karatasi ipo
```

Sehemu ya `min` inazuia mtu kujipatia alama kwa kutaja ukubwa usiohitajika. Aliyesimamia ekari 2,000 hapati zaidi ya aliyesimamia 200, maana shamba hili halina 2,000. Sehemu ya ushahidi ina matokeo ambayo msomaji wa mara ya kwanza huyaona ya ajabu: wasifu mtupu, hata uwe mzuri namna gani, hauwezi kupita alama 40. Tumekusudia hivyo. Anayefika 30 kwa wasifu peke yake anatumiwa fomu ya ukurasa mmoja ya kujaza msimu kwa msimu. Alama za kweli zinatoka kwenye fomu hiyo na karatasi zinazoambatana nayo.

Wiki ya 2: eneo na misimu

Kuanzia hapa tunamfuata mwombaji mmoja, namba 7, kwa sababu wasifu wake unafanana na nyingi tulizopokea. Umeandikwa: "Nimesimamia ekari 900 za mahindi na maharage, 2019 hadi 2023. Wafanyakazi 200. Wastani wa mavuno magunia 30 kwa ekari. Nimeongeza mavuno kwa asilimia 40." Kwa wasifu huo mtupu masharti yote yamevukwa na hakuna karatasi, kwa hiyo alipata 40 kamili na kutumiwa fomu.

Fomu iliporudi, zile 900 zilifunguka. Shamba alilolisimamia mwenyewe lilikuwa ekari 150. Jirani yake kulikuwa na wakulima wadogo wa mkataba wenye ekari 300 kwa jumla, ambao shamba liliwapa mbegu na mbolea kisha likanunua mahindi yao. Hizo ni 450. Misimu ni miwili kwa mwaka, akazidisha kwa mbili, ikawa 900.

Huo si uongo wa kumfukuzia mtu. Ekari zilizozidishwa kwa misimu zina maana kwa anayehesabu mbegu au dizeli, na watu wengi wa mashamba makubwa huripoti hivyo kwa bosi. Tatizo ni kwamba tangazo linauliza ekari zilizo chini ya mtu kwa wakati mmoja, kwani hapo ndipo maamuzi yanapogongana: kitalu gani kilimwe kwanza, dizeli iende wapi, vibarua wa leo waanzie upande gani. Kwa wakulima wa mkataba, hayo yote aliyaamua mkulima mwenyewe. Meneja alitoa pembejeo na ushauri. Kazi hiyo tumeiandika pembeni na kuipa sifa yake, lakini haikuingia kwenye ekari.

Basi eneo ni 150 dhidi ya sharti la 200, yaani 0.75. Alileta nakala ya ramani ya vitalu na hati ya ukodishaji wa ardhi, kwa hiyo ushahidi ni 1. Alama 18.75 kati ya 25. Kipimo kingine kidogo tulichokitumia ni trekta. Trekta la nguvu-farasi 75 lenye plau ya visahani vitatu hulima ekari 8 hivi kwa siku nzuri. Ekari 150 kwa trekta moja ni siku 19, na tarehe zake za kulima zinaonyesha wiki tatu na nusu. Inaingia akilini. Mwombaji mwingine aliandika ekari 600 zilizolimwa na trekta moja "ndani ya mwezi". Hiyo ingehitaji ekari 20 kwa siku bila kuvunjika pini hata moja.

Misimu ilileta mjadala mrefu kuliko tulivyotarajia. Mwombaji mmoja alifanya kazi Karamoja, ambako mvua ni za msimu mmoja, na ana misimu 6 kwa miaka 6. Mwingine alikuwa kwenye miwa ya Masindi. Muwa uliopandwa hukaa mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na machipukizi yake hukatwa kila baada ya mwaka au zaidi kidogo. Miaka yake 5 ina mavuno matatu au manne kwa kila shamba. Kwa kuhesabu misimu tu, wa Karamoja anapita na wa miwa anabaki nyuma. Lakini wote wawili hawajawahi kufanya jambo gumu kuliko yote kwenye shamba hili, nalo ni kugeuza msimu.

Mahindi yaliyopandwa mapema Aprili, kama ni ya siku 120, yanakauka mwanzoni mwa Agosti. Wakati huohuo mvua za pili zinaanza. Punje bado zina unyevu wa asilimia 22 au zaidi, turubai zimejaa, barabara ya kitalu ni tope, na soya inatakiwa iwe ardhini kabla Agosti haijaisha ili maganda yajae mvua zikiwa bado zipo. Meneja anavuna, anapukuchua, anakausha na kutayarisha ardhi kwa wakati mmoja, na watu ni walewale. Kwa matrekta mawili, ekari 480 zingechukua siku 30 kwa plau. Siku hizo hazipo. Ndiyo maana hapa plau inatumika kabla ya msimu wa kwanza tu, na Agosti inapita haro peke yake. Asiyewahi kuuona mwezi huo atapiga plau, soya ichelewe hadi katikati ya Septemba, na hasara ataiona Desemba maganda ya juu yanapokuwa matupu.

Kwa hiyo sharti limebadilishwa kuwa misimu 6 ikiwemo migeuzo 3 ya kutoka msimu wa kwanza kwenda wa pili kwenye ardhi ileile. Mgeuzo wa kutoka wa pili kwenda wa kwanza hatuuhesabu, maana kuna kiangazi cha kutosha katikati. Waombaji wote wamepimwa upya kwa sharti hili.

Namba 7 aliingia 2019B na kutoka baada ya 2023A, kwa ile desturi ya kuita msimu wa kwanza A na wa pili B. Hiyo ni misimu 8, yenye migeuzo ya 2020, 2021 na 2022. Tarehe za kupanda na kuvuna alizoandika zinaelewana na mbegu alizotaja, lakini daftari la shamba la kuanzia 2020 alisema lilibaki kwa mwajiri. Ushahidi 0.7, alama 17.5.

Wiki ya 3: watu

"Wafanyakazi 200" ndilo dai linalovutwa kirahisi kuliko mengine. Linaweza kumaanisha majina yote yaliyopita kwenye daftari kwa msimu mzima, au siku moja ya kilele, au watu wa kudumu. Fomu yetu inauliza matatu hayo kila moja kwenye mstari wake. Majibu yake: wa kudumu 9, wanyapara 2 miongoni mwao, kilele cha siku moja ni 96 kwenye palizi ya 2021A, na majina tofauti kwa msimu huo yalikaribia 200.

Hesabu ya siku-mtu inaiunga mkono 96. Ekari 150 mara 10 ni 1,500, ukigawa kwa siku 18 ni watu 83. Ongeza wanaokosa kuja baada ya siku ya soko, unafika tisini na kitu. Kama kweli wangekuwa 200 kwa siku, palizi ingeisha kwa siku nane, na hakuna anayelipa watu wengi hivyo bila sababu. Alileta kurasa za daftari la mahudhurio. Tulimwomba afunike majina na namba za simu za vibarua kabla ya kupiga picha, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawahusu na wao, nasi tulihitaji idadi na tarehe tu. Dai ni 96 dhidi ya sharti la 60, ushahidi 1, alama 20 zote.

Hata hivyo alama kamili haikufuta swali. Watu 96 kwa wanyapara wawili ni 48 kwa kila mmoja. Kwa palizi ya vipande, nyapara mmoja anaweza kukagua watu 25 hivi kwa uangalifu. Wakizidi hapo yanatokea mambo mawili. Kipande kinachopimwa kwa hatua kinakuwa kifupi kidogo kila siku, na shamba linalipa ekari zaidi ya zilizopo. Au majani yanafunikwa kwa udongo badala ya kung'olewa, mistari inaonekana misafi jioni, kisha mvua moja inayarudisha. Dalili ya kwanza utaipata ukijumlisha vipande vilivyolipwa na kulinganisha na ukubwa wa kitalu. Tulijumlisha kwenye kurasa zake: kitalu cha ekari 20 kililipwa vipande vya ekari 21 na robo. Ziada ya asilimia 6 inavumilika. Maana yake mtu alikuwa anapima, na kwa idadi ile ya wanyapara, huenda alikuwa yeye mwenyewe. Litaulizwa kwenye usaili.

Swali jingine la usaili ni la sheria. Kanuni za Ajira za 2011 haziruhusu mtu abaki kibarua wa kutwa zaidi ya miezi minne mfululizo. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Kwenye shamba la misimu miwili, kibarua mzuri anaanza Machi na Julai bado yupo. Meneja anayejua huanza kuchuja majina mwezi wa tatu wa ajira, akaamua nani apewe mkataba. Asiyejua hulifahamu jambo hilo siku barua ya afisa kazi wa wilaya inapofika.

Wiki ya 4: mavuno

Magunia 30 kwa ekari. Kama gunia ni kilo 100 za mahindi makavu, hiyo ni tani 7.4 kwa hekta kwa shamba zima, bila umwagiliaji, kwa wastani. Mahindi chotara yakitunzwa vizuri kwenye kitalu kimoja kizuri yanaweza kukaribia huko. Wastani wa miaka minne hauwezi. Tuliuliza maswali matatu: gunia lina kilo ngapi, lilipimwa kwa unyevu gani, na magunia yaligawanywa kwa ekari zipi.

Majibu yalikuja safi. Magunia yalijazwa kitaluni baada ya kupukuchua, wastani wa kilo 80 kwenye mizani ya kuning'iniza, unyevu asilimia 22 kwa kipima unyevu. Na 30 ilikuwa ya kitalu kimoja cha ekari 20, msimu wa 2021A. Shamba zima msimu huo lilitoa magunia 3,060.

Tunaishusha hatua kwa hatua. Magunia 3,060 mara kilo 80 ni kilo 244,800 mbichi. Gawa kwa ekari 150, zote zilizopandwa, pamoja na zile zilizotuamisha maji: kilo 1,632 kwa ekari. Kisha unyevu unatolewa kutoka asilimia 22 hadi 13:

```
kavu = mbichi × (100 − 22) ÷ (100 − 13)
1,632 × 78 ÷ 87 = 1,463
```

Kilo 1,463 kavu kwa ekari ni tani 3.6 kwa hekta. Kwa mahindi ya mvua yaliyopata gunia moja la DAP na moja la yurea kwa ekari, hayo ni mavuno mazuri yanayoaminika. Mtu huyu angeandika namba hiyo tangu mwanzo, tusingekuwa na maswali matatu ya kumuuliza.

Kosa linalorudi mara nyingi katika kukausha ni kutoa tofauti ya asilimia moja kwa moja: 22 toa 13 ni 9, basi punguza asilimia 9. Jibu sahihi hapa ni asilimia 10.3, kwa sababu maji yanatolewa kwenye uzito ambao nao unapungua. Kwa tani 244 tofauti hiyo ni zaidi ya tani tatu, na meneja asiyeijua atadhani ameibiwa ghalani.

Kipimo cha mwisho ni stakabadhi za mizani ya magari kwa mnunuzi. Kwa hesabu yetu shamba lilipaswa kuwa na kilo 219,500 kavu. Stakabadhi za 2021A zinajumlisha kilo 207,400. Pengo ni asilimia 5 na nusu. Hapo kuna takataka za kupepeta, punje zilizovunjika, chakula cha wafanyakazi na kidogo kilichomwagika. Pengo la asilimia 2 lingetutia shaka kwamba namba za kitaluni ziliandikwa baada ya mauzo, na la 15 lingemaanisha wizi au mizani mibovu.

Likabaki ongezeko la asilimia 40. Lilitokana na kulinganisha 2019B, kilo 1,045 kavu kwa ekari, na 2021A. Msimu wa B una mvua fupi, na mwaka ule alikuta mbegu ya kawaida isiyo chotara. Ulinganisho wa haki ni A kwa A: 2020A ilitoa 1,250, na 2021A 1,463. Ongezeko ni asilimia 17. 2022A ilitoa 1,390, na 2023A ikashuka hadi 1,210 kwa sababu trekta liliharibika gia na nusu ya shamba ikapandwa baada ya tarehe 20 Aprili. Msimu huo mbaya, ulioandikwa pamoja na sababu na tarehe, ulitushawishi kuliko ile 40. Kumbukumbu zinazopanda kila msimu bila kushuka huwa zimeandikwa mezani.

Sharti lilikuwa misimu 4 kwa kila kitalu. Anayo misimu 5 ya shamba zima, lakini ya kitalu kwa kitalu ni miwili tu, 2021A na 2022A. Dai ni 0.5, ushahidi 1, alama 15. Jumla yake ni 71.25.

Wiki ya 5: tulipofika

Waombaji waliopita 60 ni wanne, na namba 7 ni wa pili. Wa kwanza ana 78, amesimamia ekari 220 za mahindi na alizeti wilaya ya Lira, lakini hana kumbukumbu yoyote ya bomba la trekta. Wa miwa alibaki 52. Mwenye shamba aliuliza kama sharti la ekari 200 lingeweza kulegezwa hadi 150 ili namba 7 apande. Tulikataa katikati ya mchujo, maana waliosoma tangazo na kuacha kuomba kwa sababu ya 200 wangekuwa wameonewa. Pengo lake la ekari litajadiliwa kwenye usaili kama lilivyo.

Usaili utafanyika shambani. Kila mmoja atapewa kitalu cha ekari 5 apime vipande vya palizi kwa kamba, gunia moja la mahindi mabichi akisie kilo zake kavu kisha apime, na bomba la trekta lenye pua 12 ambazo mbili zimeziba. Pua zilizoziba hazitatajwa.